Ayodini inahama kutoka penye kidogo kwenda penye nyingi. Nini hasa kinaisukuma?

#1 Benchi_la_Tatu

Wakuu, habari. Nipo mwaka wa kwanza, nasoma kemia. Tangu sekondari nimeishi na sentensi moja: kitu husambaa kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo. Wiki hii maabara imenionyesha kinyume chake na sijatulia.

Tulichukua mililita 100 za maji yenye ayodini milimoli 1 kwa lita. Tukaongeza mililita 10 za karboni tetrakloridi, ambayo tayari ilikuwa na ayodini milimoli 5 kwa lita. Yaani kabla ya chochote, tabaka la chini lilikuwa na ukolezi mara tano ya lile la juu. Tukatikisa kwenye faneli ya kutenganishia, tukaacha vitulie, tukatitreti kila tabaka kwa thiosalfeti. Kwa ile sentensi ya sekondari, ayodini ilipaswa kupanda kwenye maji. Ikafanya kinyume: maji yakashuka hadi karibu 0.16, na tetra ikapanda hadi 13 na kitu.

Hatukupasha moto, hatukuweka umeme, hakuna pampu. Mkufunzi alisema "ni potenshali ya kikemia" akaendelea na kundi jingine. Naomba mwenye kuelewa anieleze kinachosukuma ni nini, maana jina peke yake halinisaidii.

#2 Kifaru_Mweupe

Rahisi sana mkuu. Ayodini haina ncha za chaji, tetra nayo haina, maji yanazo. Vinavyofanana huyeyushana. Ayodini inapenda tetra kuliko maji, basi imekwenda inakopenda. Umemaliza.

#3 Benchi_la_Tatu

@Kifaru_Mweupe asante, lakini kama inapenda tetra, mbona haikwenda yote? Iliyobaki kwenye maji ni kidogo, ila ipo, na tulipotikisa tena na tena haikupungua.

#4 Kifaru_Mweupe

Labda hamkutikisa vya kutosha.

#5 Sumaku

Hahaha, Kifaru kila jambo majibu yake ni nguvu za mkono.

#6 Mwl_Mstaafu

Kijana @Benchi_la_Tatu, hongera kwa kuanza na tabaka la chini likiwa tayari na ayodini. Wengi huanza na tetra tupu, halafu hawaoni ajabu yoyote, kwa sababu ayodini inaingia mahali ambapo haikuwepo.

Kifaru amesema nusu. "Inapenda" inaeleza kwa nini upande mmoja una faida, lakini haielezi kwa nini safari inasimama. Zipo sehemu mbili. Kila molekuli ya ayodini ikiwa kwenye tetra ina nafuu kuliko ikiwa kwenye maji, na nafuu hiyo haibadiliki. Halafu, kadiri ayodini inavyojaa mahali, kuongeza nyingine hapo kunakuwa na faida ndogo zaidi. Ukijumlisha hayo mawili unapata potenshali:

```
μ = μ° + RT ln c
```

Sehemu ya kwanza inategemea kiyeyushi, ya pili inategemea ukolezi. Ayodini inahama kutoka penye μ kubwa kwenda penye μ ndogo, na inasimama μ za pande mbili zikilingana. Ile sentensi yako ya sekondari ni kweli pale tu ambapo μ° ni ileile pande zote mbili, mfano maji hapa na maji kule. Ukiwa na maji upande mmoja na tetra upande wa pili, μ° ni mbili tofauti, na kulinganisha ukolezi peke yake hakukuambii kitu.

Chukua mapipa mawili yaliyounganishwa kwa bomba chini, moja limesimama sakafuni na jingine juu ya meza. Hupimi lipi lina maji mengi. Unapima uso wa maji upo juu kiasi gani kutoka sakafuni. Urefu wa meza ndiyo μ°.

#7 Benchi_la_Tatu

Mwalimu, shikamoo na asante. Sasa hiyo "meza" ina urefu gani kwa ayodini?

#8 Mwl_Mstaafu

Marahaba. Kwa nyuzi joto 25, ayodini kati ya tetra na maji hutulia uwiano wa ukolezi ukiwa karibu 85. RT hapo ni kilojuli 2.48 kwa moli, na logi asilia ya 85 ni 4.44, kwa hiyo tofauti ya μ° ni kama kilojuli 11 kwa moli.

Tuweke namba zako. Mwanzo, tetra 5 na maji 1, uwiano ni 5. Ungepaswa kuwa 85 ndipo mambo yatulie. Tofauti ya potenshali ni RT mara logi ya 5 kwa 85, yaani kilojuli 7 kwa moli, ikielekea kwenye tetra. Maji yakishuka hadi 0.5, tetra itakuwa imefika 10, uwiano 20, na tofauti imepungua hadi kama 3.6. Endelea hivyo hadi maji yawe 0.158 na tetra 13.4. Gawanya: 85. Tofauti ni sifuri. Hapo hata ukitikisa mpaka jioni hakuna kitakachosogea kwa jumla, na ndiyo maana haikwenda yote.

Na hili ndilo jaribio zuri la kuthibitisha: anza na tetra yenye milimoli 90 kwa lita, maji yawe na 1. Sasa uwiano ni 90, umepita 85, na ayodini itarudi kidogo kwenye maji. Kwa tetra ya 50 na maji ya 1, bado itatoka kwenye maji. Mpaka uko kwenye 85, hauko kwenye 1.

#9 Sumaku

Kwa hiyo ile sheria ya Fick ya mwaka 1855 tuitupe?

#10 Fizikia_Kigoma

Hapana, na hapa naomba tuwe waangalifu kabla watu hawajaondoka na wazo baya. Fick yuko sahihi ndani ya kila tabaka. Ukiacha bila kutikisa, maji yaliyo jirani na mpaka yanaishiwa ayodini kwanza, kwa hiyo ndani ya maji ayodini inashuka kutoka katikati kwenda mpakani, penye nyingi kwenda penye kidogo. Ukivuka mpaka, tetra iliyo jirani na mpaka imejaa kuliko iliyo chini kabisa, kwa hiyo ndani ya tetra nayo inashuka. Mahali pekee ukolezi "unapanda" ni pale pale mpakani, mruko wa ghafla wa mara 85 kati ya unene wa molekuli chache. Ukichora ukolezi, mchoro una ngazi. Ukichora μ, unateremka tu mwanzo hadi mwisho, hauna ngazi.

Ila nakataa neno "kusukuma", Mwalimu. Hakuna anayeisukuma ayodini. Kila molekuli inatangatanga ovyo, na wala haijui tetra iko wapi. Molekuli iliyopo mpakani upande wa maji ina nafasi kubwa zaidi ya kuvuka kuliko iliyopo mpakani upande wa tetra. Zinavuka pande zote mbili wakati wote. Msawazo ni pale ambapo wanaokwenda na wanaorudi wanalingana idadi, kwa sababu upande wa tetra wapo wengi mara 85 ila kila mmoja anatoka kwa shida mara 85. Hesabu imekamilika bila nguvu yoyote.

#11 Mama_Chujio

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, kitengo cha kusafisha damu, Mombasa. Nimesoma huu uzi kwa hamu kwa sababu kuna kitu cha hivi hivi nakiona kazini na sijawahi kupata mtu wa kunieleza.

Mashine yetu ina sehemu mbili zilizotengwa na utando: damu upande mmoja, maji maalumu upande wa pili. Potasiamu inafuata sentensi ya shule: damu 6, maji 2, inatoka. Bikaboneti pia: maji yana nyingi kuliko damu ya mgonjwa, inaingia. Lakini kalsiamu inanichanganya. Mgonjwa anakuja na kalsiamu ya maabara 2.1. Maji yetu yana 1.5. Kwa sheria ya ukolezi kalsiamu ingepaswa kutoka kwake. Mara nyingi baada ya kusafishwa, kalsiamu yake imepanda. Wenzangu wanasema "mashine inaongeza". Inaongezaje kutoka 1.5 kwenda 2.1? Na pande zote mbili ni maji tu, hakuna tetra, kwa hiyo hoja ya meza ya Mwalimu siioni hapa.

#12 Kifaru_Mweupe

Dada, kalsiamu inapenda damu.

#13 Mama_Chujio

Kaka yangu, hilo nalo ni jibu la kumpa daktari?

#14 Dk_Mkanyageni

@Mama_Chujio swali lako ni zuri kuliko la ayodini, kwa maoni yangu. Ile 2.1 ya maabara ni kalsiamu jumla. Karibu asilimia 40 yake imeshikwa na protini, hasa albumini, na sehemu ndogo imeungana na vitu kama fosfeti na sitreti. Iliyo huru ni kama nusu. Kwa mgonjwa wako basi iliyo huru ni kitu kama 1.05. Albumini haipiti kwenye utando, na kalsiamu iliyoshikwa nayo haipiti. Utando unaona 1.05 upande wa damu na karibu 1.5 upande wa maji, na kalsiamu inaingia.

Kwa lugha ya Mwalimu: potenshali inayohesabika ni ya ioni huru. Iliyoshikwa imesawazika na iliyo huru, kwa hiyo potenshali yake ni ileile, lakini ukichukua ukolezi jumla ukauingiza kwenye ile logi, unapata potenshali kubwa ya uongo. Ukitaka kujua kabla mwelekeo wa safari, ombeni kipimo cha kalsiamu ya ioni.

#15 Mama_Chujio

Ahsante sana daktari. Kumbe ile namba moja kwenye karatasi ni vitu viwili.

#16 Dk_Mkanyageni

Niongeze tahadhari. Usiamini kila kupanda kwa kalsiamu jumla kuwa imeingia kutoka kwenye mashine. Mkimtoa mgonjwa lita mbili au tatu za maji, albumini iliyobaki kwenye damu inakolea, na kalsiamu iliyoshikwa nayo inakolea pamoja. Namba ya jumla inapanda hata kama hakuna ioni iliyovuka utando. Hapo ni kipimo cha ioni tena kitakachotenganisha. Na hata hiyo 1.5 ya upande wa mashine si yote huru, kidogo imeungana na bikaboneti.

#17 Bi_Chumvi

Samahani wadau, naomba kuuliza hapa hapa. Hii chumvi yenye madini joto tunayonunua, nikiiacha wazi jikoni ayodini inahama kwenda hewani? Maana mnasema inahama penye potenshali kubwa.

#18 Mwl_Mstaafu

Bi_Chumvi, kwenye chumvi ya siku hizi mara nyingi huwekwa ayodeti ya potasiamu, ambayo ni kitu kingine kabisa na ayodini ya huyu kijana. Haipai kirahisi. Bado funika chombo, kwa sababu unyevu unaihamisha ndani ya chumvi yenyewe na kuipunguza polepole.

#19 Bi_Chumvi

Nimekupata, asante mwalimu.

#20 Faneli

Mimi napinga kidogo. Tulifanya jaribio hilo hilo chuoni kwetu, ayodini, tetra, maji. Uwiano tuliopata ulikuwa 1.2. Kundi letu na makundi mengine mawili, wote karibu hapo. Kwa hiyo hiyo 85 ni namba ya vitabuni. Ukolezi ulikaribia kulingana kabisa, kama sentensi ya sekondari inavyosema.

#21 Mwl_Mstaafu

@Faneli myeyusho wenu wa ayodini ulitengenezwa vipi? Na rangi ya tabaka la maji ilikuwaje?

#22 Faneli

Ulikuwa tayari umewekwa kwenye chupa. Rangi ya maji ni kahawia iliyokolea, tetra zambarau.

#23 Mwl_Mstaafu

Kahawia ndiyo jibu. Ayodini tupu kwenye maji ni njano hafifu, kwa sababu maji hayawezi kubeba zaidi ya milimoli 1.3 hivi kwa lita. Ukiona kahawia, kuna ayodaidi ya potasiamu humo. Soma lebo ya ile chupa.

#24 Faneli

Nimempigia mwenzangu aliyepo maabara. Lebo inasema KI 0.1 moli kwa lita.

#25 Benchi_la_Tatu

Sasa KI inahusiana vipi? Ayodaidi ni chumvi, ipo kwenye maji tu, haiendi kwenye tetra.

#26 Mwl_Mstaafu

Ndiyo hasa. Haiendi kwenye tetra, lakini inaikamata ayodini ikiwa kwenye maji. Ayodini moja na ayodaidi moja huungana kuwa triayodaidi, I₃⁻, na kiwango cha msawazo wake ni karibu 700. Kwa ayodaidi ya 0.1, kila molekuli moja ya ayodini iliyo huru kwenye maji ina wenzake 70 walioshikwa. Thiosalfeti haichagui. Inakula iliyo huru, halafu iliyoshikwa inaachia, nayo inaliwa, mpaka zote zimekwisha. Kwa hiyo titresheni ya Faneli inahesabu 71 pale ambapo iliyo huru ni 1.

Gawanya 85 kwa 71. Unapata 1.2.

Hivyo namba yenu ni sahihi, na ya Benchi ni sahihi. Ayodini huru ya maji ilikuwa bado mara 85 chini ya ile ya tetra hata kwenye faneli yenu. Ukolezi jumla kukaribia kulingana ni bahati ya mtu aliyechagua 0.1. Angechagua KI mara mbili, mngepata 0.6, na mngesema ayodini inapenda maji.

#27 Dk_Mkanyageni

Ayodaidi kwa Faneli ndiyo albumini kwa Mama_Chujio. Upande mmoja kuna mshikaji asiyeweza kuvuka, na kipimo cha kawaida hakitofautishi aliyeshikwa na aliye huru.

#28 Kifaru_Mweupe

Sawa, hapa nakubali. Ila bado nasema ayodaidi inaipenda ayodini.

#29 Sumaku

Kifaru ana moyo wa upendo jamani, tumwache.

#30 Nondo

Mimi ni wa vyuma, na nashangaa hamjataja jaribio la Darken la mwaka 1949. Aliunganisha vipande viwili vya chuma vyenye kaboni karibu sawa, asilimia 0.4 na kitu kila kimoja, lakini kimoja kikiwa na silikoni asilimia 3.8. Akaviweka kwenye joto la nyuzi 1050 kwa siku 13. Mwanzo ukolezi wa kaboni karibu unalingana, kwa hiyo kwa sheria ya ukolezi hakuna cha kutokea. Kaboni ikatoka upande wenye silikoni ikaenda upande usio na silikoni, mpaka pakawa na tofauti kubwa ya wazi kwenye maungio. Silikoni inapandisha potenshali ya kaboni, na yenyewe inasogea taratibu mno kuliko kaboni, kwa hiyo haikuwahi kusawazika. Hapa hakuna vimiminika viwili visivyochanganyika wala utando. Ni chuma kimoja kigumu.

#31 Mama_Chujio

Siku 13! Mgonjwa wangu anakaa saa nne.

#32 Benchi_la_Tatu

@Nondo hiyo nzuri sana. Na inanirudisha kwa ubishi wa Mwalimu na Fizikia_Kigoma. Ni nguvu au si nguvu? Kama ni nguvu, ina ukubwa gani?

#33 Mwl_Mstaafu

Ina ukubwa unaohesabika. Chukua sukari chini ya kikombe cha chai isiyokorogwa. Tuseme ukolezi unashuka kutoka 0.2 hadi 0.1 moli kwa lita ndani ya sentimita moja. RT mara logi ya 2 ni juli 1,718 kwa moli. Gawanya kwa mita 0.01, unapata niutoni 171,800 kwa moli. Moli moja ya sukari ina uzito wa kama niutoni 3.4. Kwa hiyo mteremko wa potenshali unaivuta sukari juu kwa zaidi ya mara 50,000 ya uzito wake. Ndiyo maana sukari hupanda yenyewe ingawa myeyusho wake ni mzito kuliko chai.

#34 Sumaku

Mara 50,000 na bado chai ya chini ni tamu na ya juu chungu? Mwalimu, ungekuwa unavuta gari kwa nguvu hiyo lingefika Dodoma.

#35 Mwl_Mstaafu

Sumaku, umeuliza la maana. Molekuli moja imezungukwa na maji yanayoizuia kila upande. Ukigawanya nguvu ile kwa msuguano, kwa kutumia kasi ya kusambaa ya sukari kwenye maji, mwendo unakuwa kama milimita 0.13 kwa saa. Kusubiri sukari isambae sentimita moja tu ni kazi ya siku nzima na zaidi. Potenshali inakuambia mwelekeo na mahali pa kusimama. Haikuambii itachukua muda gani. Muda unaamuliwa na msuguano, eneo la mpaka na umbali. Ndiyo maana Benchi alitikisa faneli: hakubadilisha potenshali hata kidogo, aliongeza eneo la mpaka na kufupisha njia.

#36 Fizikia_Kigoma

Hesabu ya Mwalimu siipingi, nimeirudia na inatoka. Ninachopinga ni kusema kuna kitu kinavuta. Kama ungekuwa na jicho la kuona molekuli moja ya sukari, usingeiona ikivutwa juu. Ungeiona ikigongwa kulia, kushoto, juu, chini kwa usawa kabisa. Ya chini wapo wengi, kwa hiyo wanaobahatika kupanda ni wengi kuliko wanaobahatika kushuka. Hizo niutoni 171,800 ni za kundi zima, hazimo ndani ya molekuli. Weka molekuli moja tu kwenye kikombe: ukolezi wake ni nini, na nguvu iko wapi?

#37 Dk_Mkanyageni

Lakini Einstein mwaka 1905 alipotafuta kasi ya kusambaa kwa chembe, alifikiria nguvu inayozivuta chembe upande mmoja huku msambao ukizirudisha upande wa pili, akalinganisha. Kama msambao unaweza kusawazishwa na nguvu halisi, si unastahili kuitwa nguvu?

#38 Fizikia_Kigoma

Unasawazishwa kwa jumla ya mwendo, sikatai. Watu wanaoingia na wanaotoka mlangoni wakilingana, haimaanishi kuna mtu anawasukuma watoke.

#39 Nondo

Kwa ayodini yenyewe ubishi wenu una jibu la kati. Pale mpakani, molekuli kweli inasikia tofauti: kwenye maji majirani zake ni wa aina nyingine na kwenye tetra ni wa aina nyingine. Hiyo ni nguvu halisi, ipo hata kwa molekuli moja. Sehemu ya μ° ni ya Mwalimu, sehemu ya logi ni ya Fizikia.

#40 Mwl_Mstaafu

Nondo, karibu nikukubali, ila kuna tatizo. Hata μ° ndani yake ina entropia. Maji yanajipanga upya kuizunguka ayodini, na sehemu ya zile kilojuli 11 inatokana na mpangilio huo wa maji, si mvutano kati ya ayodini na jirani yake. Huwezi kuukata mstari kati ya logi na μ° ukasema huku nguvu, huku bahati.

#41 Fizikia_Kigoma

Basi umekuja upande wangu.

#42 Mwl_Mstaafu

Sijaja popote, nimesimama kwenye μ.

#43 Faneli

Wakati mnabishana, nimeomba ruhusa ya kurudia. Wiki ijayo tutatengeneza ayodini kwenye maji matupu bila KI, halafu tutengeneze mingine kwa KI ya 0.01, 0.05 na 0.1. Mwalimu, nitarajie nini?

#44 Mwl_Mstaafu

Maji matupu 85. KI 0.01 inakupa 85 kwa 8, kama 10.6. KI 0.05 inakupa 85 kwa 36, kama 2.4. KI 0.1 mnayo tayari. Hizo ni sahihi mradi ayodini iwe kidogo sana kuliko ayodaidi, la sivyo ayodaidi inaisha mkononi na namba zitapanda. Kwa hiyo kwenye ile ya 0.01 weka ayodini isiyozidi milimoli 1 kwa lita. Tabaka la tetra litikise na maji yenye KI kabla ya kutitreti, la sivyo thiosalfeti na ayodini vinakaa matabaka tofauti na unapita kikomo bila kujua. Na tetra inaharibu ini, fanyeni kazi ndani ya kabati la hewa, msinyonye pipeti kwa mdomo.

#45 Kifaru_Mweupe

Na tikiseni vya kutosha.

#46 Mama_Chujio

Hapo Kifaru kasema kweli. Daktari, swali langu la mwisho: sodiamu. Maji yetu tunayaweka sawasawa na sodiamu ya damu, lakini naambiwa hata zikilingana bado kuna kidogo inayosogea. Sodiamu haishikwi na albumini kama kalsiamu, sasa ni nini tena?

#47 Dk_Mkanyageni

Albumini haiishiki, lakini albumini ina chaji hasi na haiwezi kuvuka. Inabakisha voltiji ndogo kwenye utando, upande wa damu ukiwa hasi kidogo. Kwa ioni, potenshali inayohesabika ni ya kikemia pamoja na ya umeme. Sodiamu ni chanya, inazuiliwa upande wa damu, kwa hiyo msawazo wake ni pale ambapo sodiamu huru ya upande wa damu inaizidi ile ya upande wa maji kwa asilimia chache. Juu ya hapo kuna suala la kipimo: protini zinachukua nafasi ndani ya damu, na baadhi ya mashine za maabara zinagawanya sodiamu kwa ujazo wote badala ya ujazo wa maji tu. Haya mawili yanavutana kwa mwelekeo tofauti, na madaktari wa figo bado wanabishana ni namba ipi ya kuiweka kwenye mashine kwa kila mgonjwa.

#48 Fizikia_Kigoma

Voltiji! Hiyo sasa ni nguvu, hata kwa ioni moja. Hapo sina ubishi.

#49 Benchi_la_Tatu

Kwa hiyo sodiamu inasukumwa na sukari haisukumwi, wakati zote ziko kwenye mlinganyo mmoja wa μ?

#50 Fizikia_Kigoma

Nipe hadi kesho, nikuandikie vizuri.